Data Imehama: Je, Modeli Ifundishwe Upya?

Tarehe 15 Julai 2021 serikali ya Tanzania ilianza kukata tozo kwenye miamala ya simu. Kila aliyetuma au kutoa pesa alikatwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi, mbali na ada ya kawaida ya mtandao wake. Watu wakabadili mazoea. Mwenye duka Kariakoo aliyezoea kumtumia msambazaji wake pesa mara tatu kwa siku akawa anakusanya na kutuma kwa mkupuo. Mama lishe aliyepokea malipo ya chakula kwenye simu akaanza kuomba taslimu. Aliyekuwa anatoa kidogokidogo kwa wakala akawa anatoa mara moja, pesa anakaa nazo.

Sasa fikiria modeli iliyofundishwa mwaka 2020 kukadiria nani atalipa mkopo wa simu na nani hatalipa. Modeli za namna hii husoma nyendo za mteja kwenye simu: anatuma mara ngapi, anapokea kiasi gani, salio lake hukaaje, mikopo ya nyuma aliilipa vipi. Katikati ya Julai hakuna mtu aliyegusa hata mstari mmoja wa programu. Seva ziko hewani, majibu yanatoka ndani ya sekunde, hakuna kosa lolote kwenye kumbukumbu za mfumo. Kumbe dunia ambayo modeli iliijifunza imeshaondoka. Nautumia mfano huu kwa sababu tunajua siku na sababu ya badiliko, jambo ambalo kazini ni nadra kulipata. Tozo ni ya kweli. Kampuni ya mikopo nitakayoieleza, na takwimu zake, ni za kutungwa ili tuweze kuhesabu pamoja.

Tuseme kampuni hiyo iko Kijitonyama. Inatoa mikopo midogo ya siku 30. Mkopo ambao haujalipwa siku 30 baada ya tarehe ya mwisho unahesabiwa kuwa chechefu. Modeli humpa kila mwombaji namba, yaani uwezekano wa mkopo wake kuwa chechefu, na anayevuka asilimia 15 hapewi. Kabla ya Julai, katika kila waombaji 100, kama 60 walikuwa wanapewa.

Dalili ya kwanza haikutoka kwenye kipimo chochote cha kitaalamu. Ilitoka kwenye kiwango cha wanaokubaliwa: kutoka 60 kikashuka 56, kisha 51, na katikati ya Agosti kikafika 44. Mimi hukiweka kipimo hiki juu kabisa ya dashibodi, kwa sababu hakihitaji kusubiri mtu alipe, na mtu wa biashara anakielewa bila kufafanuliwa. Angalia pia kwamba kilishuka polepole ingawa tozo ilianza siku moja. Sababu ni kwamba kigezo kikubwa cha modeli kilikuwa idadi ya miamala ya siku 30 zilizopita. Tarehe 20 Julai, dirisha hilo la siku 30 bado lilikuwa limejaa siku za kabla ya tozo. Lilihitaji mpaka Agosti 14 hivi kumaliza kujaa siku mpya. Ukitazama vigezo vya dirisha refu peke yake, badiliko la ghafla litakudanganya kwamba ni la taratibu. Chora pia idadi ya miamala kwa siku mojamoja, ndipo utauona ukingo wenyewe.

Kwa kulinganisha data ya zamani na ya sasa, watu wa mikopo hutumia kipimo kinachoitwa PSI. Unagawa kigezo katika makundi, unaangalia ni sehemu gani ya wateja ilikuwa katika kila kundi wakati wa kufundisha na ni sehemu gani iko humo sasa, kisha unajumlisha tofauti kwa kanuni moja fupi. Modeli yetu ilipofundishwa, wateja waligawanywa robo nne sawa kwa idadi ya miamala: chini ya 15, kutoka 15 hadi 27, kutoka 28 hadi 45, na zaidi ya 45. Katikati ya Agosti, kundi la chini lilikuwa na asilimia 45 ya waombaji, na la juu kabisa asilimia 10 tu.

```python
import numpy as np

def psi(zamani, sasa):
    z, s = np.array(zamani), np.array(sasa)
    return np.sum((s - z) * np.log(s / z))

psi([0.25, 0.25, 0.25, 0.25],
    [0.45, 0.27, 0.18, 0.10])   # 0.28
```

Kwa mazoea, chini ya 0.1 watu hulala usingizi, kati ya 0.1 na 0.25 hufuatilia, na juu ya 0.25 hupiga kengele. Mipaka hiyo ni desturi ya kazi tu. Hakuna sheria ya takwimu inayosema 0.24 ni salama na 0.26 ni hatari. Lililo muhimu zaidi ni kwamba PSI haijui kama kigezo kina uzito wowote ndani ya modeli, wala haijui kama wateja waliohama wanalipa au hawalipi. Modeli yenye vigezo 60 haikosi viwili vitatu vinavyolia kila wiki, na timu inayokimbilia kila mlio baada ya mwezi haisikii tena hata ule wa kweli. Ndiyo maana napima kwanza PSI ya namba ya mwisho inayotolewa na modeli, kisha vigezo vichache vyenye uzito mkubwa. Vilivyobaki hukaa pembeni kwa ajili ya uchunguzi tu.

Msimu nao huwasha kengele. Januari wazazi wanalipa ada za shule, mfungo na sikukuu vina miamala yake. Ukilinganisha Januari na Desemba, kengele italia kila mwaka. Afadhali kulinganisha na Januari iliyopita, kama data unayo.

Basi tuna 0.28, na waliokubaliwa wameshuka hadi 44. Shinikizo la ofisini linajulikana: fundisheni upya leo. Hapa ndipo napinga kwa nguvu. Kengele ya data inasema kwamba data inayoingia kwenye modeli imehama, haisemi kwamba modeli imekosea. Na kabla ya hapo kuna swali la chini zaidi: je, ni watu waliobadilika, au ni mfumo wa kuvuta data ulioharibika?

Uharibifu wa mfumo ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mshirika anayekuletea faili za miamala anabadili muundo bila kukwambia, safu iliyokuwa na namba inakuja tupu, programu yako inasoma utupu kama sifuri, na modeli inaona wateja maskini kote nchini. Ukifundisha upya juu ya data hiyo, unakuwa umeufanya ubovu kuwa elimu. Njia niipendayo ya kutofautisha ni kutafuta kitu ambacho sababu unayoishuku haikutakiwa kukigusa. Tozo ilikuwa ya kutuma na kutoa pesa. Kununua umeme wa LUKU kwa simu si kutuma wala kutoa, na nyumba haiachi kutumia umeme kwa sababu ya tozo ya kutuma pesa. Kwa hiyo, kama idadi ya manunuzi ya LUKU imebaki palepale huku ya kutuma imeshuka, tabia za watu ndizo zilizobadilika. Kama vyote viwili vimeshuka kwa kiwango kinachofanana, ita wahandisi wa data kwanza. Katika mfano wetu LUKU ilisimama. Watu ndio waliobadilika.

Swali linalofuata ni gumu zaidi: je, maana ya data nayo imebadilika? Haya ni mambo mawili. Inawezekana wateja wengi wamehamia kundi la miamala michache, na wanaoingia humo ni sawa na wale waliokuwa humo siku zote, hawalipi vizuri. Hapo modeli iko sahihi, waombaji tu ndio wamekuwa wabaya zaidi, na kukataa wengi ni kazi yake. Au inawezekana kwamba kundi ni lilelile kwa jina lakini lina watu wengine kabisa. Mama lishe wa Tandale aliyekuwa na miamala 41 kwa mwezi sasa ana 12. Biashara yake haijayumba, sufuria ni zilezile na wateja ni walewale, ila pesa inapita mkononi badala ya kwenye simu. Modeli inamwona kama mtu ambaye hana mzunguko. Kengele ya PSI inalia sawasawa katika hali zote mbili, na dawa zake ni kinyume.

Jibu liko kwenye matokeo, yaani nani amelipa. Na matokeo ya mkopo huchelewa. Mkopo uliotolewa Agosti 16 unatakiwa kulipwa Septemba 15, na kwa tafsiri yetu utajulikana kuwa chechefu au la Oktoba 15. Wakati huohuo, Septemba mwaka ule serikali ilipunguza tozo kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguza tena. Kwa hiyo siku unayopata ukweli wa Agosti, Agosti yenyewe imeshapita na hali nyingine imeingia. Anayeendesha modeli ya kukadiria bodaboda atafika baada ya dakika ngapi hana tatizo hili: jibu lake linarudi ndani ya nusu saa, anaweza kupima kosa kila siku, na akifundisha upya kila wiki hakuna kubwa la kuharibika. Ushauri wa mitandaoni kuhusu kufundisha upya kiotomatiki mara nyingi umeandikwa kwa watu wa aina hiyo. Kwenye mikopo unaumiza.

Wakati wa kusubiri hufanywa mambo mawili. La kwanza ni kutumia dalili za mapema. Mteja aliyechelewa siku 7 kupita tarehe ya mwisho bado si chechefu, lakini ukipanga mikopo kwa wiki iliyotolewa na kufuatilia ni asilimia ngapi ya kila wiki imechelewa siku 7, utapata picha ya mikopo ya Agosti 16 ifikapo Septemba 22, badala ya Oktoba 15. Kabla ya kuiamini dalili hiyo, rudi kwenye data ya zamani uone kama kweli wiki zenye wachelewaji wengi ndizo zilizoishia na mikopo chechefu mingi. Mahali pengine uhusiano huo ni mkubwa, pengine watu wana desturi tu ya kuchelewa siku tatu nne halafu wanalipa wote.

La pili linagharimu pesa, na ndilo linaloachwa mara nyingi. Aliyekataliwa hana matokeo. Mama lishe wetu akipewa namba 17 anakataliwa, na hutajua kamwe kama angelipa. Kadiri modeli inavyokosea kwa kukataa, ndivyo inavyofuta ushahidi wa kosa lake, na ukifundisha upya kwa kutumia waliopewa tu, modeli mpya inarithi upofu uleule. Tiba ni kuwapa mkopo baadhi ya waliovuka kikomo kidogo, waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Tuseme mikopo 200 kwa wiki, ya shilingi 20,000 kila mmoja, kwa walio kati ya asilimia 15 na 20. Hizo ni shilingi milioni 4 zinazotoka. Kama 20 katika kila 100 hawatalipa kabisa, umepoteza shilingi 800,000 kwa wiki, na hiyo ndiyo bei ya kujua. Usitegemee wiki moja ikujibu: katika mikopo 200, kiwango ulichokiona cha asilimia 10 kinaweza kwa kweli kuwa popote kati ya 6 na 14. Ukikusanya wiki nne, mikopo 800, unabana hadi kati ya 8 na 12, na hapo unaweza kuamua. Jambo hili liongelewe na wenye fedha kabla ya dharura. Wakati wa dharura hakuna anayekubali kukopesha watu ambao mfumo umewakataa.

Sasa matokeo yamefika. Swali la kwanza ni kama mpangilio umevurugika au kiwango tu kimehama. Mpangilio hupimwa kwa AUC: chukua mtu mmoja aliyelipa na mmoja asiyelipa bila kuchagua, je, mara ngapi modeli ilimpa asiyelipa namba kubwa zaidi? Kiwango hupimwa kwa kulinganisha asilimia iliyotabiriwa na iliyotokea, kwa watu walewale. Kama AUC imebaki 0.74 kama zamani lakini modeli inatabiri 9 pale ambapo wanaanguka 6 tu, mpangilio ni mzima. Huna haja ya kufundisha upya. Unasahihisha namba ya mwisho inayotolewa na modeli, kazi ya siku moja, na modeli inaendelea. Watu wengi wangeokoa miezi kama wangejaribu hilo kwanza.

Kwenye mfano wetu haikuwa rahisi hivyo. AUC ilishuka kutoka 0.74 hadi 0.70, na tulipogawa kwa makundi, makundi matatu ya juu yalikuwa sawa: yametabiriwa 6, yameanguka 6. Tatizo lote lilikuwa kwenye kundi la chini, lililotabiriwa 12 na kuanguka 7. Tukaligawa tena kundi hilo kwa historia ya miezi sita. Waliokuwa na miamala michache tangu zamani walianguka 12, kama modeli ilivyosema. Walioporomoka baada ya Julai, kama saba katika kila kumi ya kundi hilo, walianguka 5 tu. Kwa kigezo kilekile, namba ileile, kuna watu wa aina mbili, na modeli haina jicho la kuwatofautisha. Ukisahihisha kiwango kwa kulipunguzia kundi zima, utawafungulia mlango na wale ambao kweli hawalipi. Hapa ndipo kufundisha upya kunapohalalika: maana ya kigezo imevunjika, na hakuna marekebisho ya juujuu yanayoweza kuirudisha.

Lakini kufundisha upya kwa data gani? Ukichukua Julai hadi Septemba peke yake, unapata data chache, za kipindi cha mshtuko, zisizo na Januari wala sikukuu ndani yake, na tozo ikipungua modeli hiyo inachakaa tena. Ukichukua miaka miwili yote bila kubadili kitu, mazoea ya zamani yanazimeza dalili mpya kwa wingi wake. Naona njia bora ni kugusa vigezo vyenyewe kabla ya kugusa tarehe. Badala ya idadi ya miamala, mpe modeli nafasi ya mteja miongoni mwa wateja wote wa wiki hiyo. Agosti ile, miamala 12 ilimweka mama lishe karibu na katikati ya kundi zima, ingawa kwa kipimo cha 2020 angekuwa kwenye robo ya mwisho. Nafasi haiyumbi sana pale ambapo wote wameshuka pamoja. Haitoshi peke yake, kwa sababu si wote walioshuka kwa kiwango kimoja, kwa hiyo ongeza vigezo ambavyo tozo haikuvigusa: manunuzi ya LUKU, urefu wa historia ya mteja, na namna alivyolipa mikopo iliyopita. Baada ya hapo miezi 12 au zaidi ya data, ya kabla na ya baada, inaweza kukaa pamoja bila kugombana.

Modeli mpya ipimwe kwa mikopo ya wiki za mwisho kabisa, ambazo hazikutumika kuifundisha hata kidogo. Wanaogawa data kwa bahati nasibu, sehemu ya kufundishia na sehemu ya kupimia, wanachanganya Agosti na Machi pande zote mbili na kujipa alama ambazo hawatazipata mtaani. Ikishinda kwenye kipimo hicho, iendeshwe kimyakimya wiki mbili: inampa kila mwombaji namba yake, lakini uamuzi unabaki wa modeli ya zamani. Wachukue wale ambao modeli mbili zinatofautiana juu yao, usome faili zao mojamoja. Kasoro ambazo hazionekani kwenye wastani mara nyingi huonekana hapo, kwa mfano kigezo kinachokokotolewa kwa namna moja wakati wa kufundisha na kwa namna nyingine kwenye seva.

Kisha ipewe waombaji 10 katika kila 100, na namba ya kuirudisha nyuma iandikwe siku hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kuipenda. Kwa kampuni yetu: kama wachelewaji wa siku 7 wa modeli mpya watawazidi wa modeli ya zamani kwa asilimia 3 wiki mbili mfululizo, toleo la zamani linarudi, na kwa sababu hiyo haliondolewi kwenye seva mpaka mikopo ya kwanza ya modeli mpya itimize siku zake 60.

Siku ya kubadilisha, badilisha pia msingi wa kulinganishia. PSI iliyokuwa inapima dhidi ya 2020 sasa ipime dhidi ya data iliyofundisha modeli mpya, la sivyo kengele itaendelea kulia kwa badiliko ambalo tayari umelishughulikia. Na usiusogeze msingi huo wakati mwingine wowote. Nimeona dashibodi zinazolinganisha wiki hii na wiki iliyopita tu. Kila wiki inaonyesha 0.02, rangi ya kijani, na baada ya mwaka mzima wateja wa leo hawafanani kabisa na wale ambao modeli iliwajifunza, na hakuna wiki hata moja ambayo kengele ililia.